Umeshuka Dubai na simu mpya, akaunti ya kubeti imefungwa

Kwa miaka kadhaa nilikaa dawati la usalama wa akaunti katika kampuni moja ya kubashiri hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, na sipo huko tena. Sikuwa napanga odds wala kulipa mikeka. Kazi yangu ilikuwa kupokea akaunti ambazo mfumo umezifunga wenyewe, kuzipitia, na kuamua yupi afunguliwe na yupi asubiri. Wateja waliofungiwa wakiwa safarini walikuwa na lalamiko moja, ila kila mmoja alilitoa kwa sauti yake: pesa yangu mliipokea bila kuuliza chochote, leo naitoa ndiyo mnataka kujua niko wapi?

Lalamiko hilo lina haki ndani yake, nitalirudia. Kwanza nieleze mfumo unaona nini, kwa sababu wengi wanadhani wamefungiwa kwa kosa la kusafiri. Kusafiri peke yake mara nyingi hakufungi kitu. Kubadilisha simu peke yake pia hakufungi. Kunaleta meseji ya namba ya uthibitisho, unaijaza, maisha yanaendelea. Kinachofunga ni vitu vitatu kubadilika kwa mpigo, yaani nchi, simu, na mtu anayeshika laini, halafu ndani ya dakika chache ikaja ombi la kutoa pesa. Mwizi wa akaunti naye hufanya hivyohivyo, na mfumo hauna macho ya kuwatofautisha.

Nianze na nchi. Kampuni ya hapa ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na leseni hiyo haivuki mpaka. Ukiwa Kampala au Muscat unabeti chini ya sheria za huko, na kampuni yako haina ruhusa ya kukuhudumia huko. Kwa hiyo inabidi ijue ulipo, na njia yake ya kwanza ni anwani ya IP, ile namba ambayo kila kifaa huonekana nayo mtandaoni. Anwani hizi hugawiwa kwa mafungu. Afrika hugawa AFRINIC, Ulaya na Mashariki ya Kati hugawa RIPE NCC. Kuna makampuni yanayotengeneza orodha za fungu gani linatumika nchi gani, na seva ya kubeti hukulinganisha na orodha hiyo kila unapoingia.

Orodha hizo zinaaminika kwa nchi. Kwa mji, hasa ukitumia bando la simu, usiziamini. Trafiki ya mtandao wa simu hukusanywa kwenye mageti machache kabla ya kutoka kwenda nje, kwa hiyo mtu aliyeko Kigoma anaweza kuonekana yuko Dar. Ndiyo maana hujawahi kusumbuliwa kwa kutoka Mbagala kwenda Mwanza.

Sasa kuna jambo ambalo hata wafanyakazi wenzangu wapya lilikuwa linawachanganya. Ukivuka mpaka na laini yako ya Tanzania, ukawasha romingi na kutumia data ya laini hiyohiyo, kwa kawaida data yako husafirishwa kwanza mpaka kwenye geti la mtandao wako huku nyumbani, kisha ndipo inatoka kwenda intaneti. Seva ya kubeti inaona anwani ya Tanzania, ingawa wewe umekaa hotelini Deira, mtaa wa Dubai. Ukizima data na kushika waifai ya hoteli hiyohiyo, bila hata kunyanyuka kitini, sasa unaonekana uko Falme za Kiarabu. Kwa macho ya mfumo umeruka maelfu ya kilomita ndani ya dakika mbili. Laini za kielektroniki za wasafiri, zile eSIM zinazonunuliwa mtandaoni, huongeza vituko: nyingi hutolea data nchi ya tatu kabisa, kwa hiyo mtu yuko Dubai na mfumo unasoma nchi ya Ulaya ambayo hajawahi kuikanyaga.

Opera Mini nayo ilitupa kazi. Watu wanaipenda kwa sababu inabana bando, lakini inapobana sana, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera zenyewe. Opera hupeleka pia anwani halisi ya mtumiaji pembeni, ila seva ya kampuni isipowekwa vizuri kuisoma, mteja aliyetulia Tandika anaonekana yuko ng'ambo. Ukifungiwa hujatoka hata nje ya mtaa, anza kuchunguza hapo.

Aplikesheni ina uwezo zaidi ya tovuti. Inaweza kuomba ruhusa ya mahali ulipo na kusoma GPS, tena ikatazama majina ya waifai zilizo jirani. Saa ya simu imewekwa ukanda gani, hilo hata tovuti inaliona. Kule Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake ya kubeti, ukaguzi huu umefika mbali mno: New Jersey iliporuhusu kubahatisha mtandaoni mwaka 2013, kampuni zilitakiwa kuthibitisha kwamba mchezaji yuko ndani ya mstari wa jimbo, wakati ng'ambo ya mto tu ni New York. Huku kwetu wengi wanaishia kwenye IP na ukanda wa saa, na hivyo viwili vinatosha kumuumbua mtu.

Upande wa simu, watu wanaamini kampuni inasoma IMEI. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, aplikesheni ya kawaida hairuhusiwi kuigusa IMEI. Inachopata ni namba ya utambulisho ambayo Android huitengeneza kwa ajili yake. Tangu Android 8, namba hiyo ni tofauti kwa kila aplikesheni, na haibadiliki ukifuta aplikesheni na kuipakua upya. Hubadilika ukirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Kwa hiyo fundi akikuflashia simu yako ileile, umekuwa mgeni. Kwenye iPhone ni tofauti kidogo: ukifuta aplikesheni zote za kampuni hiyo na kuzirudisha, namba inabadilika. Ukitumia brauza, utambulisho wako ni faili dogo lililohifadhiwa humo, na ukisafisha historia yote umejifuta mwenyewe.

Lakini kuliko simu, akaunti yako hasa ni laini. Hapa Tanzania na Kenya jina la akaunti ya kubeti ni namba ya simu, pesa inaingia kwa namba hiyo na inatoka kwa namba hiyo, na namba yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya uthibitisho inakuja hukohuko. Anayeshika laini ameshika akaunti. Ndiyo maana wezi hawahangaiki kubahatisha nywila. Wanakwenda kuirudisha laini yako wakijifanya wewe, au wanakupigia simu wakijifanya huduma kwa wateja ili uwasomee tarakimu zilizoingia.

Nikupe kisa kimoja nilichokishughulikia mwenyewe. Nimebadilisha saa na kiasi, mwendo wa kisa ni huohuo. Mteja ni fundi wa viyoyozi, amepata mkataba Dubai. Kabla ya kuondoka anamwachia mdogo wake simu ya zamani pamoja na laini yenyewe, ili mama atumiwe pesa kirahisi kwa M-Pesa. Akaunti ya kubeti ina 640,000 na ina mkeka mmoja haujamalizika. Anafika alfajiri, ana simu mpya aliyoinunua njiani. Anafungua tovuti kwa waifai, haifunguki; mtandao wa kule unazuia tovuti za kubeti kabla hata ombi halijafika kwetu. Anapakua VPN, anachagua seva ya Ujerumani. Tovuti inafunguka. Nywila hajaikumbuka vizuri, anaomba kuibadilisha. Meseji ya uthibitisho inaingia kwenye laini iliyoko Dar, mdogo wake anamsomea tarakimu kwa WhatsApp. Huku nyuma, dogo alikuwa ameshaifungua aplikesheni kwenye simu ya zamani kuangalia mkeka wa kaka umefikia wapi.

Kwenye skrini yangu kisa kizima kilikuwa hivi, saa zote za Dar; dev ni kifaa, tz ni ukanda wa saa, otp ni namba ya uthibitisho:

```
06:58 login    OK       dev=A1 ip=TZ tz=Africa/Dar_es_Salaam
07:15 login    FAIL     dev=B7 ip=DE tz=Asia/Dubai net=hosting
07:16 otp      SENT
07:19 otp      OK       dev=B7
07:20 password CHANGED  dev=B7
07:22 bet      OK       dev=B7 stake=20000
07:23 withdraw HOLD     dev=B7 amount=600000
```

Isome kama mtu asiyemjua huyu fundi. Saa 12:58 asubuhi mwenye akaunti yuko Dar na simu yake ya siku zote. Dakika 17 baadaye kifaa kigeni kinabisha hodi kikiwa Ujerumani, huku saa yake ikisoma Dubai. Neno `hosting` maana yake anwani hiyo si ya mtandao wa simu wala ya nyumba ya mtu, ni ya jengo la seva, na watu hawaishi kwenye majengo ya seva. Tarakimu za uthibitisho zimechukua dakika tatu kujazwa, wakati mtu mwenye laini mkononi huzijaza ndani ya nusu dakika. Dakika tatu ni muda wa kumpigia mtu na kumbembeleza akusomee. Kisha nywila inabadilishwa, na karibu salio lote linaombwa. Ningekuwa sijui lolote, ningesema mwizi. Mfumo ndivyo ulivyosema.

Fundi akatuandikia. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba yuko nyumbani Dar na simu imeharibika. Ninamwelewa, aliogopa kwamba akisema Dubai pesa itapotea. Ila mfumo ulishaandika Dubai kwenye ukanda wa saa, na kuanzia hapo kila alichosema kilipimwa mara mbili. Mdogo wake naye akapiga simu akijitambulisha kuwa ni yeye, akashindwa kutaja tarehe ya kuzaliwa ya kaka yake. Sasa tulikuwa na watu wawili wanaodai akaunti moja.

Kilichomwokoa ni mambo ambayo mwizi hana. Alituma picha ya kitambulisho pamoja na selfi, akatuma ukurasa wa pasipoti wenye mhuri wa kuingia, na akatuma taarifa ya miamala ya M-Pesa ikionyesha namba za kumbukumbu za mara tatu za mwisho alizoweka pesa kwetu. Hizo namba za kumbukumbu ndizo nilizoziamini kuliko selfi, kwa sababu tunazilinganisha na za kwetu tarakimu kwa tarakimu. Akakiri pia kuhusu VPN na kuhusu dogo. Uamuzi ulikuwa huu: mkeka alioucheza akiwa Dar ulibaki hai, kwa kuwa aliucheza kihalali. Ule wa 20,000 alioucheza kwa VPN ulifutwa na dau likarudishwa. Salio likalipwa, ila kwenye laini ileile iliyosajiliwa na si kwingineko. Akaunti ikazuiwa kucheza mpaka arudi nchini.

Kilichogeuza usumbufu wa saa chache kuwa kisa kirefu ni VPN na lile jibu la kwanza. Masharti ya kampuni nyingi huruhusu kufunga moja kwa moja mtu anayeficha mahali alipo, na kuna wakaguzi wasiokuwa na subira. Halafu kwa Falme za Kiarabu kuna hatari kubwa kuliko akaunti. Sheria yao ya makosa ya mtandao, Na. 34 ya mwaka 2021, inaadhibu kutumia anwani ya IP ya kuficha kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigundulike, na faini yake inaanzia dirhamu 500,000 hadi milioni mbili. Kazini watu wanatumia VPN kule na hawaguswi. Kuitumia ili ubeti kwenye tovuti isiyo na leseni ya huko, ambako ni kosa lenyewe, ni habari nyingine. Anayekuambia "weka VPN tu, kila mtu anaweka" hatakuwepo siku hiyo.

Turudi kwenye lile lalamiko. Mteja anaweka pesa mwaka mzima kwa namba ya simu tu, hakuna anayeuliza kitambulisho. Akishinda, au akitaka kutoa akiwa safarini, ndipo selfi, pasipoti na miamala vinapoombwa. Kampuni itakuambia ni sheria ya utakatishaji fedha, na kweli sheria ipo. Lakini haikatazi kuuliza mapema. Uingereza waliliona tatizo hili: tangu Mei 2019 tume yao ya kubahatisha inazitaka kampuni za mtandaoni zithibitishe jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla mtu hajaanza kucheza, na haziruhusiwi kungoja mtu aombe kutoa pesa ndipo zidai taarifa ambazo zingeweza kuziomba tangu mwanzo. Ningependa kuona hilo huku. Nilipokuwa ndani niliona wazi kwamba mlango wa kuingiza pesa umepakwa mafuta na wa kutolea una kutu, na hakuna mhandisi anayeweza kuniambia hiyo ni bahati mbaya.

Mpaka hapo patakaporekebishwa, mtu mwenye safari ajue mpangilio. Simu mpya ianze kutumika ukiwa bado nyumbani, na laini yako ikiwa ndani yake. Ingia, jaza tarakimu za uthibitisho, toa kiasi kidogo ukaone kimefika, ili simu hiyo iandikwe kuwa ni yako. Kisha kabla hujaenda uwanja wa ndege toa salio lote. Akaunti yenye sifuri hata ikifungwa haikuumizi kichwa. Mikeka iliyo wazi piga picha ya skrini pamoja na namba zake. Waandikie huduma kwa wateja kwamba unasafiri tarehe fulani mpaka fulani, kwa barua pepe au chati na si kwa kupiga simu, kwa sababu maandishi ndiyo mkaguzi atayaona akifungua jalada lako. Laini usimwachie mtu. Nenda nayo, washa romingi hata kama hutanunua bando, kwa sababu meseji za uthibitisho huingia bila data, na mitandao mingi haitozi kupokea meseji. Romingi iwashe ukiwa huku. Ukija kukumbuka ukiwa umeshafika, kuna mitandao itakayotaka upige namba ya huduma ambayo kule haipatikani.

Ukishafungiwa, angalia kwanza ni kufuli gani. Tovuti ikigoma kufunguka kabisa, au ukaletewa ukurasa wa mtandao wa nchi uliyopo, akaunti yako haijaguswa, ni njia iliyozibwa. Ukifungua tovuti ukaambiwa huduma haipatikani eneo lako, hapo ni kampuni imeisoma IP yako, na ukirudi nyumbani inafunguka yenyewe. Ukiingia, ukaona salio, ila kutoa kunagoma, hilo ni zuio la ukaguzi. Mara nyingi linaisha baada ya muda waliouweka, siku moja mpaka tatu hivi, au baada ya nyaraka. Na ukiingiza nywila sahihi ukaambiwa akaunti imesimamishwa, hiyo imefungwa na mtu au na alama nyingi za hatari, na haifunguki bila mtu kuigusa. Kujaribu nywila mara kumi kwenye hali hiyo kunaongeza alama tu. Kufungua akaunti ya pili kwa namba ya ndugu ndiyo mbaya zaidi, maana simu ni ileile na mfumo utaziunganisha, kisha zote mbili zitafungwa kwa kosa la mtu mmoja kuwa na akaunti mbili.

Nyaraka tuma mara moja, zote pamoja, na useme ukweli wa ulipo. Wakikaa kimya au wakakatalia salio bila kutaja kifungu cha masharti, peleka malalamiko Bodi ukiwa na mazungumzo yote ya maandishi. Barua inayotaja tarehe, namba za miamala na kifungu inajibiwa; inayosema "wameniibia" inakaa.

Wanaoondoka kwa miaka wana jambo lao jingine. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa mtandao huifunga, na baadaye namba hiyo huuzwa kwa mtu mwingine. Kwa kuwa jina la akaunti ni namba, mmiliki mpya akiijaribu kwenye tovuti ya kubeti ataambiwa tayari imesajiliwa, ataomba kubadilisha nywila, na meseji itamwendea yeye. Niliwahi kupokea mtu aliyekuta salio na historia ya mikeka ya mgeni kabisa. Kama mkataba wako ni mrefu, usiishie kutoa salio. Omba kwa maandishi akaunti ifungwe na namba iondolewe, na ubaki na jibu lao.